Bahasha moja, pesa tatu

Shikamoo Anti,

Mimi ni afisa mradi katika shirika dogo hapa Mbeya, nina miaka 31. Nilitumwa Rukwa kuendesha mafunzo ya siku mbili kwa vikundi vya wakulima kule Mtowisa, bondeni. Ofisi ilinipa bahasha moja yenye 2,000,000: posho ya kulala nje usiku 6 kwa 110,000, jumla 660,000, na masurufu ya shughuli 1,340,000. Nauli ya basi walikata wenyewe.

Masurufu yaligawanywa hivi: nauli za washiriki 40 kwa 10,000 kila mmoja, chakula cha watu 40 kwa 8,000 siku mbili, ukumbi 100,000, na usafiri wa kule kule 200,000. Walikuja 34. Mama lishe alipika sahani 36 kwa siku. Ukumbi ulikwenda kama ulivyopangwa. Gari la kutushusha bondeni na kutupandisha lilikula 120,000, na bodaboda safari 4 za 15,000. Risiti ninazo za ukumbi na gari tu. Bodaboda na mama lishe hawana kitu. Halafu nilinunua karatasi kubwa za kuandikia na kutoa kopi, 38,000, ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Kazi iliisha Alhamisi badala ya Ijumaa. Ijumaa nikalala kwa dada yangu Tunduma, Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani, wakati nilipangiwa kurudi Jumapili. Gesti nilizolala ni za 30,000 tu, na risiti moja imepotea.

Sasa, Anti, aibu yenyewe. Kabla ya kuondoka nililipa kodi ya nyumba 300,000 kutoka kwenye posho, kama tunavyofanya wote. Alhamisi usiku wakanipigia kwamba mama amelazwa, nikatuma 200,000 kutoka kwenye bahasha hiyohiyo. Leo nimebaki na 70,000. Nikipiga hesabu ya gesti za bei rahisi, usiku wa Jumamosi niliolala nyumbani, na masurufu yaliyobaki, naona nadaiwa 574,000.

Mwenzangu ofisini ana kitabu cha risiti na muhuri wa mgahawa. Anasema nijaze washiriki 40, sahani 40, usiku 6, hesabu ifunge kwenye 2,000,000. Anasema hata mhasibu hapendi marejesho yenye salio. Zimebaki siku 3 kufika mwisho wa siku 7 za kazi tulizopewa, na safari nyingine iko mlangoni. Nifanyeje?

Mwenye Bahasha, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na pole ya mama. Nilikaa dirisha la uhasibu miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na bahasha kama yako nimezipokea nyingi, nyingine zikiwa na vumbi la njiani. Kwa hiyo kabla hatujafika kwa huyo mwenye muhuri, naomba tukae na kalamu. Nahisi unaogopa deni ambalo sehemu kubwa yake halipo.

Kosa halikuanzia kwako. Ofisi ilitia pesa za aina mbili kwenye bahasha moja, wewe ukaongeza ya tatu kutoka mfukoni, na tangu hapo zote zinaitwa “pesa ya safari”. Posho ya kujikimu ni kiwango unachopewa kwa kila usiku uliolala nje ya kituo kwa kazi. Masurufu ni pesa ya ofisi iliyo mikononi mwako kwa matumizi yaliyotajwa. Pesa yako uliyoitoa kwa ajili ya kazi ni dai unaloidai ofisi. Kila moja ina ushahidi wake.

Tuanze na posho, maana ndiyo inayokunyima usingizi bila sababu. Umejihesabia 80,000 kwa kila usiku uliolala gesti ya 30,000, mara 4, ukapata 320,000 unazodhani ni za kurudisha. Nani alikuambia? Ofisi ikiwa inalipa kwa kiwango, haikuulizi ulilala kwa bei gani wala ulikula wali au mihogo. Ukibana, kilichobaki ni chako, na ukilala hoteli ya 150,000 ofisi haikuongezei. Zipo ofisi zinazofanya kinyume, zinarudisha gharama halisi kwa risiti, na huko kubana hakukuachii kitu. Lakini hizo kwa kawaida hazikukabidhi 110,000 kwa usiku mapema. Fungua sera yenu ya safari usome sentensi moja tu: posho inalipwa kwa kiwango au kwa gharama halisi? Kama ni kiwango, futa hiyo 320,000 kwenye daftari lako.

Hata hivyo usitupe risiti za gesti. Ofisi nyingi zinazolipa kwa kiwango bado huziomba kama ushahidi kwamba ulilala kule, bila kujali bei. Hiyo moja iliyopotea ina mbadala. Wengi hubeba fomu ya safari ikagongwa muhuri na mtendaji wa kata au wa kijiji walikofanyia kazi, ikionyesha siku ya kufika na ya kuondoka. Kama hukuigonga, piga simu gesti wakuandikie nakala kutoka kwenye kitabu chao, maana kila gesti ina kitabu cha wageni na jina lako limo, kwa mwandiko wako.

Usiku wa Jumamosi hauna mjadala: ulikuwa kitandani kwako, kwa hiyo 110,000 zinarudi. Usiku wa Ijumaa kwa dada ndio una utata, na sitajifanya kuujua kuliko sera yenu. Ulikuwa njiani unarudi kutoka kazini, nje ya kituo chako, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya kwa mchana uliobaki ni safari ya kufika usiku mnene. Kwa ofisi inayohesabu usiku, huo ni usiku. Kwa ofisi inayotenganisha malazi na chakula ndani ya posho, aliyelala kwa ndugu hubaki na sehemu ya chakula tu. Uliza kwa maandishi, na useme wazi kwamba ulilala kwa ndugu. Hapo usifiche, maana huyo mwenzako mwenye muhuri atakushawishi uandikiwe gesti ya Tunduma, na utakuwa umedanganya kuhusu usiku ambao huenda ni haki yako.

Sasa masurufu. Washiriki 34 kwa 10,000 ni 340,000. Sahani 36 kwa 8,000 kwa siku 2 ni 576,000. Ukumbi 100,000, gari na bodaboda 180,000. Jumla 1,196,000. Toa kwenye 1,340,000, linabaki salio la 144,000. Ongeza usiku wa Jumamosi, 110,000, zinakuwa 254,000. Ofisi ikikubali zile 38,000 zako, unazitoa, na cha kurudisha kinakuwa 216,000.

Mkononi una 70,000. Pengo ni 146,000.

Liangalie tena kwa upande mwingine, ujue kwamba siyo mazingaombwe. Posho ya usiku 5 ni 550,000, hiyo ni yako. Umetumia kwa mambo yako kodi 300,000, gesti 120,000, na kwa mama 200,000. Chakula na vijisenti vya njiani, kwa hesabu ya kilichobaki, vilikuwa 76,000. Jumla 696,000. Umepitiliza posho yako kwa 146,000. Maana yake katika ile 200,000 uliyotuma Alhamisi usiku, 54,000 zilikuwa zako halali. Zilizobaki ndizo umezigusa pasipo ruhusa, na hizo sitazipaka sukari: ni masurufu. Ila 146,000 si 574,000. (Usiku wa Tunduma ukikataliwa wote, pengo linakuwa 256,000. Jiandae na hilo nalo.)

Kuhusu watu wasio na risiti, hapa ndipo wengi hukimbilia kitabu cha bandia wakati njia ya kweli ni fupi. Mhasibu anajua kwamba bodaboda wa Mtowisa hatembei na mashine ya EFD. Anachotaka ni hati ya malipo yenye mambo yanayoweza kuulizwa: jina la aliyelipwa, namba yake ya simu, tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, sahihi yake na yako. Safari 4, hati 4. Kama ulimlipa kwa simu, ujumbe wa muamala wenye jina lake na saa ni ushahidi wenye nguvu kuliko karatasi yoyote. Kama ulimpa taslimu na sasa yuko mbali, mpigie, umsomee ulichoandika, kisha andika wazi kwamba hati imeandaliwa baada ya safari na kwamba mlipwaji amethibitisha kwa simu. Usimwekee sahihi. Baadhi ya ofisi zina kikomo cha pesa kinachokubalika kwa njia hii, na ukikipita unahitaji idhini ya meneja.

Mama lishe ni mgumu kidogo kwa sababu 576,000 ni pesa nzito kukaa kwenye karatasi ya daftari. Wafanyabiashara wadogo wenye mauzo madogo hawalazimiki kuwa na mashine ya EFD, lakini mhasibu wako ana haki ya kuuliza kama huyu ni mmoja wao. Omba maelezo yaliyosainiwa: siku mbili, sahani ngapi kila siku, bei, jumla, jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Mtendaji wa kijiji akigonga muhuri kuthibitisha kwamba huyo mama ndiye aliyepika, inasaidia. Na ambatisha orodha ya mahudhurio. Mhasibu atakuuliza kwa nini sahani 36 kwa washiriki 34, nawe ueleze hao wawili ni nani. Kama ulikuwa wewe mmojawapo, mwulize kwanza, kwa sababu posho yako tayari ina chakula ndani yake na ofisi nyingine hukata.

Zile 38,000 ziombee idhini kwa dokezo la mistari mitatu: kilichonunuliwa, kwa nini kilihitajika, na kwamba hakikuwa kwenye bajeti. Wakikataa, unazibeba mwenyewe, na cha kurudisha kinapanda kutoka 216,000 hadi 254,000. Si kila alichotoa mtu mfukoni kwa nia njema kinarudi, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya safari ijayo.

Haya, twende kwa mwenye muhuri. Sikuhubirii. Nakuonyesha tu ninavyoiona karatasi yake kutoka upande wa pili wa dirisha. Wewe umeandika ripoti ya mafunzo, sivyo? Ndani yake umeandika wanawake wangapi na wanaume wangapi, na jumla ni 34. Ripoti hiyo inakwenda kwa mfadhili. Marejesho yako yakisema 40, karatasi mbili zenye jina lako zinagombana zenyewe ndani ya faili moja, na mkaguzi hahitaji hata kusafiri. Halafu kuna zile sahihi 6 za ziada. Mtu mmoja akisaini watu sita hubadilisha kalamu, hubadilisha mlalo wa herufi, lakini husahau namba za simu, na mkaguzi hupiga namba tatu tu. Risiti za kitabu nazo zina namba za mfululizo. Niliwahi kupokea risiti za mgahawa wa Jumatatu na wa Alhamisi, namba 0412 na 0413. Mgahawa gani unauza sahani moja kwa siku tatu? Na mashine ya EFD ndiyo haidanganyiki kabisa: msimbo uliochapwa chini ya risiti unaangaliwa kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, na jina la muuzaji, saa na kiasi vinatokea.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mwenzako hakukuambia. Leo una deni. Ukiweka sahihi ya mtu ambaye hakuja Mtowisa, una kosa la kughushi juu ya deni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamhusu pia mfanyakazi anayempa mwajiri wake risiti au hesabu ya uongo ili kumpotosha. Na kuanzia siku hiyo, huyo mwenzako anakujua. Jiulize mwakani akihitaji sahihi yako kwenye marejesho yake utamjibu nini.

Hilo la mhasibu kutopenda salio, je, ulilisikia kwake au kwa mwenye muhuri? Nakuuliza kwa sababu salio kweli lina usumbufu: ulipeleke benki, ulete hati ya kuweka pesa, aingize tena kwenye kasma ya mradi. Mhasibu anaweza kunung'unika. Kunung'unika siyo kuagiza. Mimi mwenyewe nilinung'unika sana, lakini marejesho yaliyonifanya nivue miwani ni yale yaliyofunga bila kubaki hata shilingi mia. Safari ya wiki nzima, vijijini, na kila kitu kimekwenda sawasawa na bajeti?

Basi hizo 146,000. Naona njia tatu, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuzitafuta kabla ya siku 3 kwisha, kwa dada wa Tunduma, kwa kikoba, kwa rafiki, ukarejesha salio kamili. Faida yake ni kwamba ofisini hakuna mjadala. Mwiba wake ni riba kama ni kikoba, mama bado yuko wodini, na wewe unaweza kujikuta unalipia deni hili kwa posho ya safari ijayo. Hivyo ndivyo gurudumu linavyoanza, na nimeona watu wakilizungusha miaka.

Unaweza kwenda kwa msimamizi wako kabla ya kuwasilisha, ukamweleza kwamba mama alilazwa Alhamisi, ulitumia 146,000 za masurufu, una 70,000 za kurudisha leo, na unaomba zilizobaki zikatwe kwenye mshahara wa mwezi huu au kwa awamu mbili. Peleka dokezo lililoandikwa, hesabu ikiwa imefungwa chini yake. Mwiba: sera nyingine zinalitaja neno hili kwa jina, matumizi binafsi ya masurufu, na adhabu yake huanzia barua ya onyo. Inategemea sana msimamizi mwenyewe na kama umewahi kufanya hivi. Unamfahamu wewe, mimi simfahamu. Nijuacho ni kwamba aliyekuja mwenyewe ndani ya siku zake 7 na aliyegunduliwa miezi mitatu baadaye hawakupokelewa sawa kwenye dirisha langu.

Au unaweza kuomba muda kwa sababu ya hati za mama lishe na bodaboda, ambayo ni sababu ya kweli, huku ukikusanya pesa. Lakini kwa ofisi nyingi, mwenye masurufu ambayo hayajarejeshwa hapewi mengine. Kwa jirani zetu Kenya, kanuni za fedha za serikali kuu za 2015 zinampa mtumishi wa umma siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni, na akizidisha, pesa yote hukatwa kwenye mshahara pamoja na riba. Ninyi si serikali, lakini mashirika mengi hutunga sera zao kwa mfano huo. Kwa hiyo angalia kama kuomba muda kutaizuia safari yako ijayo, na kama unaihitaji hiyo safari au ungependa kwa kweli kubaki karibu na mama.

Ukichagua kuzungumza, dokezo lisiwe refu. Mimi ningelianza hivi: “Kati ya masurufu ya 1,340,000 nimetumia 1,196,000 kwa shughuli, salio ni 144,000. Nilirudi usiku mmoja mapema, posho ya kurudisha ni 110,000.” Halafu dai lako la 38,000, halafu kilichopungua na sababu yake. Tarakimu zikitangulia, msimamizi anasoma habari ya mama akiwa tayari amejua kwamba huna kingine unachoficha.

Jambo la leo hii hii, kabla hujaamua lolote: zile risiti za mashine zimechapwa kwenye karatasi inayofutika kwa joto, na wewe umekaa nazo kwenye mkoba tangu bondeni. Zitoe kopi, ubane kopi na halisi pamoja. Ya gari iangalie kwanza, hiyo ya 120,000.

Nisalimie mama.